Saa sahihi, kilomita zimekosewa: basi linalolifukuza lori kutoka Morogoro hadi Dodoma

*Mwalimu, habari za kazi. Namsaidia binti yangu wa darasa la saba. Swali linasema: lori limeondoka Morogoro saa 12:00 asubuhi kwenda Dodoma, umbali wa kilomita 260, kwa mwendokasi wa kilomita 50 kwa saa. Basi limeondoka Morogoro saa 1:20 asubuhi, barabara ile ile, kwa kilomita 75 kwa saa. Litalifikia lori saa ngapi, na kilomita ngapi kutoka Morogoro? Sisi tumefanya hivi: 1.20 × 50 = 60. Kisha 75 − 50 = 25. Kisha 60 ÷ 25 = 2.4, yaani saa 2 na dakika 40, kwa hiyo ni saa 4:00. Umbali ni 2.4 × 75 = 180. Nyuma ya kitabu wameandika saa 4:00 na kilomita 200. Saa tumepata, kilomita tumekosa. Kitabu kimekosea? Na basi likisimama njiani abiria wale, hesabu inabadilikaje?*

Kitabu hakijakosea, kiko sahihi kwa majibu yote mawili. Ninyi mmefanya makosa mawili, la kwanza likawarudisha nyuma na la pili likawasukuma mbele kwa kiasi kile kile, ndiyo maana mkaangukia saa 4:00 barabara. Kilomita hazikupata bahati hiyo, nazo ndizo zimewaumbua. Njia yenyewe mliyoifuata, ya kutafuta pengo kisha kuligawa kwa tofauti ya mwendo, ni njia nzuri na msiiache. Kilichoharibika ni dakika.

Tuanze na kosa la kwanza. Lori limetangulia kwa saa 1 na dakika 20. Mlipoandika 1.20 mkazidisha na 50, kikokotoo au karatasi haikujua kwamba ile 20 ni dakika. Iliisoma kama ishirini ya mia, yaani sehemu ya tano ya saa, na sehemu ya tano ya saa ni dakika 12 tu. Kwa hiyo hesabu yenu iliendelea kana kwamba lori lilitangulia kwa saa 1 na dakika 12. Dakika 8 zilipotea hapo hapo, kwenye mstari wa kwanza.

Dakika 20 ni theluthi ya saa. Saa 1 na dakika 20 ni saa 1⅓, au ⁴⁄₃ kwa sehemu isiyo halisi. Mwambie binti abaki na sehemu, asiipeleke kwenye desimali, kwa sababu theluthi haina desimali inayokoma na akiikata mapema atapata kilomita zenye mabaki ya ajabu mwishoni. Kwa hiyo pengo, basi linapowasha na kuondoka, ni hili:

50 × ⁴⁄₃ = ²⁰⁰⁄₃ = kilomita 66⅔

Ninyi mlipata 60. Mmelipunja lori kilomita 6⅔, ambazo ndizo zile dakika 8 kwa mwendo wa 50.

Sasa tofauti ya mwendo. Kila saa inayopita basi linakwenda kilomita 75 na lori kilomita 50, hivyo pengo kati yao linapungua kwa kilomita 25. Hapo mlikuwa sawa kabisa. Gawanya pengo kwa tofauti:

66⅔ ÷ 25 = ²⁰⁰⁄₃ ÷ 25 = ⁸⁄₃ = saa 2⅔

Theluthi mbili za saa ni dakika 40. Basi linahitaji saa 2 na dakika 40 za kwenda. Limeondoka saa 1:20, ukijumlisha unapata saa 4:00 asubuhi.

Kosa lenu la pili liko hapa. Ninyi mlipata 2.4, mkaisoma kuwa saa 2 na dakika 40. Lakini 0.4 ya saa si dakika 40. Ni 0.4 × 60, yaani dakika 24. Hesabu yenu ilikuwa inawaambia saa 2 na dakika 24, ninyi mkaiongezea dakika 16 bila kujua.

Tazama namna mambo yalivyopatana. Mwanzoni mlipoteza dakika 8 za kutangulia kwa lori. Kila dakika ambayo lori limetangulia, basi hulazimika kuilipa kwa dakika 2 za kufukuza, kwa sababu 50 ÷ 25 ni 2. Kwa hiyo dakika 8 zilizopotea zilipunguza jibu kwa dakika 16. Mwishoni mkaongeza dakika 16 zile zile kwa kusoma desimali vibaya. Deni na malipo yakatoshana. Lakini mlipokwenda kutafuta umbali, mlitumia 2.4 yenyewe, si dakika 40 mlizozisoma, kwa hiyo lile kosa la kwanza likabaki peke yake bila wa kulifidia. 2.4 × 75 ni 180. Jibu la kweli ni hili:

⁸⁄₃ × 75 = kilomita 200

Ili binti aone kwamba lile la saa lilikuwa bahati tu, mpe swali lile lile lakini basi liende kilomita 80 kwa saa. Kwa njia yenu atapata 60 ÷ 30 = 2.0, aseme basi limelifikia lori saa 3:20. Safari hii hakuna desimali ya kusoma vibaya, kwa hiyo hakuna kitu cha kurudisha kilichopotea. Mwambie ahakikishe. Saa 3:20 lori limekwenda saa 3 na dakika 20, sawa na kilomita 166⅔. Basi limekwenda saa 2 kamili, kilomita 160. Basi bado liko nyuma kilomita 6⅔, zile zile alizozipunja mwanzo. Jibu sahihi ni 66⅔ ÷ 30 = saa 2²⁄₉, yaani saa 2, dakika 13 na sekunde 20, na basi linalifikia lori baada ya saa 3:33 kidogo.

Uhakiki huo ndio ninaoupendelea kuliko kuangalia majibu nyuma ya kitabu. Kulifikia lori maana yake ni kuwa mahali pamoja kwa wakati mmoja tu. Kwa hiyo chukua saa uliyoipata, tafuta lori liko kilomita ya ngapi, kisha tafuta basi liko kilomita ya ngapi, kila moja kwa muda wake lenyewe. Namba mbili zikitofautiana, hesabu imekosewa, hata kama kitabu kinakubaliana nawe kwenye saa. Kwa swali letu: saa 4:00 lori limekuwa barabarani saa 4, na 4 × 50 ni 200. Basi limekuwa barabarani saa 2 na dakika 40: saa 2 ni kilomita 150, dakika 40 ni theluthi mbili za 75, yaani kilomita 50, jumla 200. Wamekutana. Kama mngefanya hivyo kwa jibu lenu mngegundua mara moja, kwa sababu saa 4:00 mngekuta lori liko kilomita ya 200, wakati umbali mlioandika ni 180.

Kosa la watoto wengi katika uhakiki huu ni kuvipa vyombo vyote muda mmoja. Mtoto anachukua saa 2 na dakika 40 anazidisha na 50, anapata lori liko kilomita 133⅓, anachanganyikiwa. Ule muda ni wa basi. Lori lina muda wake, ambao ni ule pamoja na saa 1 na dakika 20 za kutangulia. Mzoeze aandike kwenye karatasi mistari miwili, mmoja wa lori na mmoja wa basi, kila mstari na saa ya kuondoka, muda na kilomita zake, asichanganye.

Kuna njia ya kufanya swali hili bila kugusa desimali wala sehemu za saa, na kwa mtoto wa darasa la saba naiona ndiyo salama zaidi. Badilisha muda wa kutangulia kuwa dakika tupu, kisha:

dakika za kufukuza = dakika za kutangulia × mwendo wa lori ÷ tofauti ya mwendo

Lori limetangulia dakika 80. Kwa hiyo 80 × 50 ÷ 25 = 160. Dakika 160 ni saa 2 na dakika 40. Kwa lile basi la kilomita 80, 80 × 50 ÷ 30 = 133⅓, yaani saa 2, dakika 13 na theluthi. Hakuna mahali popote ambapo unahitaji kugeuza dakika kuwa sehemu ya saa, kwa sababu kilomita kwa saa ziko juu na chini ya mgawanyo, zinakatana zenyewe, na kinachobaki ni dakika kama zilivyoingia. Kanuni hii haikutoka mbali, ni pengo lile lile gawanya kwa tofauti ile ile, ila hukulazimika kuliandika pengo lenyewe. Ukitaka umbali, rudi kwenye mstari wa lori: dakika 80 na dakika 160 ni dakika 240, saa 4 kamili, mara 50.

Kuhusu saa zetu, kuna mtego mdogo wa kumtahadharisha. Lori limeondoka saa 12:00, basi saa 1:20. Mtoto anayetoa namba kubwa kwa ndogo anapata 12:00 − 1:20 = 10:40, anaandika kwamba lori limetangulia saa 10 na dakika 40. Saa zetu zinaanza upya baada ya 12, hivyo kutoka saa 12:00 asubuhi hadi saa 1:20 ni saa 1 na dakika 20. Akiona inamchanganya, aongeze saa 6 kwenye zile zinazoanza na 1 hadi 11, za asubuhi hadi jioni, na saa 12:00 asubuhi aiandike 06:00. Lori linaondoka 06:00, basi 07:20, wanakutana 10:00. Kisha arudishe jibu kwa kutoa 6: saa 4:00 asubuhi. Na akiandika jibu asisahau neno “asubuhi”, maana saa 4:00 ipo ya usiku pia.

Kosa lingine linaloonekana sana ni kujumlisha miendo badala ya kuitoa. Linatokana na maswali ya vyombo viwili vinavyokuja kukutana, kimoja kimetoka Dodoma na kingine Morogoro. Huko kila kimoja kinakula sehemu yake ya njia, kwa hiyo miendo inajumlishwa. Hapa lori linamkimbia anayemfukuza, linaongeza njia huku basi likiipunguza. Ukijumlisha utapata 66⅔ ÷ 125, kama dakika 32, na utaambiwa basi limelifikia lori saa 1:52. Muda huo basi liko kilomita ya 40 na lori limekwishapita kilomita ya 93. Uhakiki ule ule unalikamata kosa hili bila shida.

Swali lako la chakula ndilo linalofanana na safari yenyewe, kwa sababu mabasi ya njia ile husimama, na abiria wanashuka kula na kuchimba dawa. Tuseme basi limesimama Gairo dakika 20. Wengi wanajumlisha dakika 20 kwenye saa 4:00, wanasema watakutana saa 4:20. Si hivyo. Wakati basi limesimama, lori halikusimama. Kwa dakika 20 limekwenda kilomita 16⅔ zaidi, na hizo basi litalazimika kuzila kwa kasi ya kilomita 25 kwa saa, ambayo ni dakika 40 za ziada barabarani. Jumlisha na zile 20 za chakula, mkutano unasogea mbele kwa saa nzima. Watakutana saa 5:00 asubuhi.

Hakikisha: saa 5:00 lori limekwenda saa 5, kilomita 250. Basi limetoka saa 1:20, hadi saa 5:00 ni saa 3 na dakika 40, toa dakika 20 za chakula inabaki saa 3 na dakika 20 za kwenda, mara 75 ni kilomita 250. Sawa.

Kwa hiyo katika swali hili kila dakika moja ambayo basi limesimama inachelewesha mkutano kwa dakika tatu. Hiyo tatu ni 75 ÷ 25, mwendo wa basi gawanya kwa tofauti. Kwa basi la 80 ingekuwa 80 ÷ 30, dakika mbili na theluthi mbili. Jambo la kuangalia ni kwamba kituo kiwe kabla ya mahali pa kukutana. Basi likisimama baada ya kulipita lori, kile chakula hakihusiani tena na swali.

Sasa angalia kilomita 250. Swali linasema njia ina kilomita 260 tu. Zimebaki kilomita 10 kufika Dodoma. Hapa ndipo swali zuri linapouliza: basi linaweza kusimama kwa muda gani na bado likalifikia lori kabla ya Dodoma? Usianze kubahatisha dakika 25, 30, 35. Tafuta saa ya kufika ya kila kimoja. Lori: 260 ÷ 50 ni saa 5.2, na mara hii desimali tuisome vizuri, 0.2 × 60 ni dakika 12, kwa hiyo lori linafika Dodoma saa 5:12. Basi lisiposimama: 260 ÷ 75 ni saa 3 na dakika 28, kutoka saa 1:20 linafika saa 4:48. Tofauti yao ni dakika 24. Basi likisimama dakika 24 linaingia Dodoma sambamba na lori, likizidisha hapo lori linafika kwanza. Dereva akiwaambia abiria nusu saa, lori halikutwi njiani tena. Kwa kanuni mtoto angepata saa 5:30 na kilomita 275, akaandika jibu hilo kwa fahari, wakati kilomita ya 275 haipo kwenye swali. Kila swali linalotaja urefu wa njia, alinganishe kwanza saa za kufika. Kama basi linafika baadaye kuliko lori, basi halikulifikia, na jibu ni hilo hilo.

Kuna jambo moja ambalo kitabu hakilisemi na ambalo mtu mzima anayesafiri njia ile ataliuliza: je, basi kweli linakwenda 75 kwa saa? Kwa sheria ya Tanzania basi la abiria lisizidi kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi ni 50. Kati ya Morogoro na Dodoma kuna Dumila, Gairo, Kibaigwa, Mbande na vijiji vingine ambamo basi hushuka hadi 50. Wastani wa 75 wakati kikomo ni 80 ni wastani wa juu mno kwa njia hiyo. Mwendo unaoingia kwenye hesabu hii ni wastani wa safari, si namba ambayo sindano ya dashibodi inaonyesha basi likiwa kwenye tambarare.

Na tofauti ndogo ya wastani haitoi tofauti ndogo ya jibu. Chukua basi la wastani wa 70: tofauti ya mwendo ni 20, dakika 80 × 50 ÷ 20 ni dakika 200, watakutana saa 4:40, kilomita kama 233. Mwendo umepungua kwa 5 tu lakini mkutano umesogea dakika 40. Ukishuka tena hadi 65: tofauti ni 15, dakika 80 × 50 ÷ 15 ni karibu dakika 267, saa 5:47 hivi, kilomita ya 289. Njia imekwisha. Basi la 65 linatumia saa 4 kamili kufika Dodoma, linaingia saa 5:20, na lori limefika saa 5:12. Sababu ni kwamba tunagawa kwa tofauti ya miendo, si kwa mwendo wa basi. Kupunguza 75 hadi 65 ni kupunguza chini ya sehemu ya saba ya mwendo, lakini tofauti imetoka 25 hadi 15, imepungua kwa mbili ya tano. Kadiri miendo inavyokaribiana ndivyo kosa dogo la kukadiria linavyoharibu jibu zaidi. Kwa hiyo ukiulizwa makadirio ya safari halisi, usitaje wakati mmoja tu. Taja nyakati mbili, wa basi likienda vizuri na wa basi likichelewa.

Lori nalo husimama, hasa mizani. Likisimama dakika 30 kabla ya kufikiwa, ni kama limeondoka dakika 30 baadaye, hivyo kutangulia kwake kumebaki dakika 50 badala ya 80. Kwa hiyo 50 × 50 ÷ 25 ni dakika 100, saa 1:20 na saa 1:40 ni saa 3:00, kilomita 125. Hakiki: lori saa 3 toa nusu saa ni saa 2½, mara 50 ni 125. Basi dakika 100 mara 75 gawanya kwa 60 ni 125. Imekubali, kama mizani iko, tuseme, kilomita ya 50.

Lakini ikiwa mizani iko kilomita ya 180, hesabu hiyo inavunjika. Jibu la kilomita 125 linasema wamekutana kabla lori halijafika mizani, na hapo lori lilikuwa bado halijasimama hata dakika moja, kwa hiyo haliwezi kuwa kweli. Ukijaribu bila kusimama utapata kilomita 200, mbele ya mizani, na hilo nalo si kweli, maana kupita mizani bila kusimama halikuwezekana. Majibu mawili yakikataana namna hiyo, yaani moja likaangukia kabla ya kituo na jingine baada yake, basi limelikuta lori pale pale limesimama. Kilichobaki ni kutafuta basi linafika kilomita ya 180 saa ngapi: 180 ÷ 75 ni saa 2.4, na hii ndiyo 2.4 ya kweli, saa 2 na dakika 24, saa 3:44 asubuhi. Lori lilifika mizani saa 3:36 na litaondoka saa 4:06, kwa hiyo basi limelikuta kwenye foleni, dakika 8 baada ya lori kufika.